Mkopo wa 401(k): kabla hujajikopesha pesa ya uzeeni

"Ni pesa yangu, na riba najilipa mwenyewe. Hasara iko wapi?"

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la mafao ya wafanyakazi hapa Marekani, na swali hili nimeulizwa kwa Kiswahili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingine muulizaji ana deni la kadi lililomkaba. Mara nyingi zaidi ana kiwanja nyumbani, boma limesimama bila paa, na fundi anapiga simu kila wiki. Anafungua ukurasa wa mfuko wake wa pensheni, anaona makumi ya maelfu ya dola yamekaa tu, na chini yake kuna kitufe cha mkopo. Hakuna benki itakayomhoji wala historia yake ya madeni haitachunguzwa. Anabonyeza, na ndani ya siku chache pesa iko kwenye akaunti yake.

Swali lake ni la haki, na jibu lake si "usikope kamwe". Hasara ipo, ila haipo pale ambapo watu wengi wanaitafuta. Kuiona inabidi tufuate mkopo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, jua unachoruhusiwa kuchukua

401(k) ni akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara, na mara nyingi mwajiri huongeza chake juu ya chako. Sheria ya kodi ya Marekani inaruhusu mpango kukupa mkopo, lakini haiulazimishi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kitabu cha maelezo ya mpango wako, kile chenye jina `Summary Plan Description`, au kumuuliza mtu wa mafao kazini. Usimuulize mwenzako wa kampuni nyingine, kwa sababu mpango wake unaweza kuwa na masharti tofauti kabisa na yako.

Ukishajua mikopo inaruhusiwa, tafuta kwenye akaunti yako tarakimu iliyoandikwa `Vested Balance`. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ni yako kabisa hata ukiacha kazi kesho. Uliyochangia wewe ni yako tangu siku ya kwanza. Ya mwajiri inaweza kuwa yako kidogo kidogo kadiri miaka ya kazi inavyoongezeka. Kwa kawaida unaweza kukopa nusu ya salio hilo, na kwa vyovyote usizidi dola 50,000. Kama ulikuwa na mkopo mwingine ndani ya miezi 12 iliyopita, hata kama umeshaumaliza, ile 50,000 inaweza kupungua.

Mwenye akaunti ya IRA, ile ya uzeeni ambayo mtu huifungua mwenyewe bila mwajiri, hana njia hii kabisa. IRA haikopeshi. Na ukiwa umeacha pesa kwenye 401(k) ya kampuni uliyoihama, kwa kawaida huwezi kuanzisha mkopo mpya kule. Mipango mingi hukubali uhamishe pesa ya zamani kuja kwa mwajiri mpya, na ikishafika inahesabiwa kwenye salio unaloweza kukopea. Ndiyo maana aliyepeleka pesa zake IRA kwa haraka wakati mwingine hujuta.

Muda wa kulipa ni hadi miaka 5, kwa marejesho yanayolingana, na karibu kila mara yanakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Muda unaweza kuwa mrefu zaidi kama pesa ni ya kununua nyumba utakayoishi mwenyewe kama makazi yako makuu. Hapa ndugu zangu wengi hujikwaa. Nyumba unayojenga Kigamboni au Kitengela huku wewe unaishi Minneapolis si makazi yako makuu, hata kama ndiko moyo wako uliko. Kwa hiyo ujenzi wa nyumbani ni mkopo wa miaka 5 kama mkopo mwingine wowote.

Pili, fuata pesa inakokwenda

Tuchukue mfano. Dada mmoja ni muuguzi msaidizi, ana miaka 38, mshahara wake ni dola 50,000 kwa mwaka. Kwenye 401(k) ana 52,000, lakini 4,000 za mwajiri bado hazijawa zake. Kwa hiyo salio lake halali ni 48,000 na mwisho wa kukopa ni 24,000. Anataka 20,000. Mpango wake unatoza riba ya asilimia 8. Mipango mingi huchukua riba ya msingi ya mabenki ya Marekani na kuongeza asilimia 1 au zaidi, hivyo kiwango hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Wa kwako utauona kwenye ukurasa wa mkopo.

Akibonyeza kitufe, hakuna mtu anayemkopesha. Mfuko unauza vipande vya uwekezaji wake vyenye thamani ya 20,000 na kumtumia pesa. Kuanzia siku hiyo zile 20,000 hazimo sokoni. Kila mwezi zinakatwa dola 405.53 kwenye mshahara wake na kurudi kununua vipande tena, kwa bei ya siku hiyo. Baada ya miezi 60 atakuwa amelipa 24,332, na zile 4,332 za juu ni riba, ambayo kweli imeingia kwenye akaunti yake mwenyewe.

Hadi hapo muulizaji wetu ana haki ya kutabasamu. Lakini riba ile haikutoka hewani. Imetoka mfukoni mwake, kwenye mshahara uleule. Kujilipa riba ni kuhamisha pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto; hujapata faida. Ukitaka kujua gharama ya mkopo huu, acha kutazama riba. Uliza ile 20,000 ingezaa nini kama ingeachwa palepale, kisha linganisha na marejesho yalivyozaa yaliporudi kidogo kidogo.

Unaweza kupiga hesabu hii mwenyewe kwenye Excel au Google Sheets. Mstari wa kwanza unakupa rejesho la mwezi. Wa pili unakupa pengo mwishoni mwa miaka 5, soko likizaa asilimia 12 kwa mwaka:

```
=PMT(0.08/12,60,-20000)
=FV(0.12/12,60,0,-20000)-FV(0.12/12,60,-405.53)
```

Badilisha 0.12 uone. Soko likizaa asilimia 12, ile 20,000 ingefika 36,334, wakati marejesho yake yatakuwa yamefika 33,120. Akaunti imepungua kwa takriban dola 3,200. Soko likizaa asilimia 8, sawasawa na riba ya mkopo, pengo ni sifuri. Soko likizaa asilimia 4 tu, akaunti yake itakuwa na 2,466 zaidi kuliko kama asingekopa.

Matokeo haya huwashangaza watu pande zote mbili. Anayesema mkopo wa 401(k) ni bure amekosea, na anayesema utakuangamiza amekosea pia. Kwa kweli umejikopesha pesa kwa bei ambayo soko litaitangaza baadaye, pesa ikiwa imeshatumika. Mwanzoni mwa 2023 wengi walikuwa na hofu, kwa sababu 2022 soko la hisa la Marekani lilikuwa limeanguka kwa takriban asilimia 18. Waliotoa pesa zao wakati huo walikosa ongezeko la takriban asilimia 26 mwaka 2023 na jingine la 25 mwaka 2024, kwa kipimo cha hisa za S&P 500. Aliyetoa mwanzoni mwa 2008 alibahatika: mwaka huo kipimo hichohicho kilianguka kwa takriban asilimia 37, na pesa yake haikuwemo. Hakuna kati yao aliyejua. Mtu akikwambia anakopa sasa kwa sababu soko litashuka, huyo anabahatisha.

Pengo la 3,200 linaonekana dogo, na ndivyo lilivyo, kwa leo. Lakini dada yetu atamaliza mkopo akiwa na miaka 43, na akistaafu akiwa na 67 pengo hilo litakuwa limekosa miaka 24 ya kuzaa. Kwa asilimia 7 kwa mwaka linafika takriban dola 16,000. Nisikutishe na tarakimu hiyo: ni dola za miaka 29 ijayo. Bei zikipanda asilimia 3 kila mwaka, itanunua kile ambacho dola 7,000 zinanunua leo. Washauri wengi hukuonyesha ile 16,000 na kunyamazia 7,000, na sioni uungwana hapo. Dola 7,000 ndiyo bei ya mkopo huu kwa dada yetu, miaka yake ya marejesho ikiwa ya neema sokoni na kila kitu kingine kikienda sawa.

Tatu, usiguse mchango wako

Kila kitu kingine hakiendi sawa, na cha kwanza kuharibika ni mchango.

Dada yetu alikuwa akichangia asilimia 6 ya mshahara, yaani dola 250 kwa mwezi, na mwajiri anaongeza nusu yake, dola 125. Sasa zinakatwa 405 juu ya hizo. Mwezi wa kwanza anavumilia. Mwezi wa tatu mtoto anaumwa, gari linadai matairi, na anaingia kwenye ukurasa wa mfuko na kusimamisha mchango, "hadi mkopo uishe". Nimeliona hili mara nyingi sana. Wengine hawajui hata kama walikuwa na hiari. Wanadhani yale makato ya mkopo ndiyo mchango wao. Siyo. Rejesho la mkopo halihesabiwi kama mchango, na mwajiri haongezi chochote juu yake.

Tuhesabu ile 125 ya mwajiri peke yake, kwa sababu 250 za kwake angalau alizila. Kuikosa miaka 5, kwa asilimia 7, ni takriban dola 8,950 atakapofika miaka 43. Atakapofika 67 ni kama 45,000, ambazo kwa bei za leo ni 19,000. Linganisha na 7,000 tuliyoiona juu. Mkopo wenyewe ulimgharimu kidogo. Kusimamisha mchango kumemgharimu karibu mara tatu yake, na hiyo ni pesa ambayo mwajiri alikuwa tayari kumpa.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, fanya jaribio hili. Kwa miezi miwili, weka kando kiasi kamili cha rejesho, kila siku ya mshahara, kwenye akaunti ambayo huigusi, huku mchango wako ukiendelea angalau mpaka kiwango kinachokupa nyongeza yote ya mwajiri. Ukishindwa, kiasi unachotaka kukopa ni kikubwa kuliko mshahara wako unavyoweza kubeba. Ukiweza, una akiba ya miezi miwili na huenda ukakopa pungufu.

Nne, piga hesabu ya siku utakayoacha kazi

Hapa ndipo mkopo unapouma, na mtu hulitambua akiwa amechelewa.

Tuseme dada yetu amelipa miezi 24, kisha hospitali inapunguza wafanyakazi naye yumo. Deni lililobaki ni dola 12,941. Makato ya mshahara hayapo tena. Mipango mingine hukuruhusu kuendelea kulipa kila mwezi kutoka benki yako hata ukishaondoka, na hili ni swali la kuuliza kabla ya kukopa. Mpango usioruhusu utafunga deni kwa kulikata kwenye salio lako. Kwenye karatasi inaandikwa kwamba umechukua 12,941 kutoka kwenye pensheni, ingawa siku hiyo hujashika hata senti. Mwaka unaofuata inakuja fomu ya `1099-R`, na nakala imekwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Kiasi hicho kinahesabiwa kama kipato. Kwa mtu wa mshahara wake, kodi ya shirikisho ya asilimia 12 ni takriban 1,553. Kwa kuwa hajafika miaka 59 na nusu, kuna faini ya asilimia 10 juu yake, yaani 1,294. Jumla ni 2,847 kabla ya kodi ya jimbo, na zinadaiwa kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amepoteza kazi. Aliyeacha kazi katika mwaka anaotimiza miaka 55 au baada ya hapo husamehewa faini, lakini kodi iko palepale.

Kuna mlango wa kutokea, na wengi hawaambiwi. Tangu 2018, deni lililokatwa kwa sababu umeondoka kazini unaweza kulifidia kwa kuweka kiasi hichohicho kwenye IRA, au kwenye mpango wa mwajiri mpya ukikubali, mpaka siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka huo, pamoja na muda wa nyongeza. Deni likikatwa mwaka 2026, una nafasi hadi Aprili 2027, na ukiomba nyongeza hadi Oktoba 15, 2027. Ukiweka yote, hakuna kodi wala faini. Ukiweka nusu, unatozwa kwa nusu iliyobaki. Shida ni kuipata hiyo 12,941, lakini kwa mtu aliyepata kazi mpya au aliye na ndugu wa kumshika mkono, miezi hiyo si muda mfupi.

Usichanganye hali hiyo na ile ya kukosa kulipa huku bado uko kazini. Ukikosa rejesho, mipango mingi hukupa hadi mwisho wa robo ya mwaka inayofuata kulifidia. La Februari, kwa mfano, hadi Juni 30. Usipofidia, deni lote pamoja na riba yake linahesabiwa kuwa pesa uliyochukua. Kodi na faini vinakuja, na safari hii huwezi kukwepa kwa kuweka pesa IRA. Kwa hiyo ukiona makato hayaonekani kwenye slipu ya mshahara, usishukuru Mungu kwamba mwezi huu wamesahau. Piga simu siku hiyohiyo.

Anayefikiria kurudi nyumbani moja kwa moja ndani ya miaka 5, mkopo huu haumfai, labda awe na uhakika wa kulimaliza deni kabla ya kukata tiketi. Kurudi ni kuacha kazi, na IRS haina habari kwamba umehamia Arusha.

Na kwa akina mama: likizo ya uzazi isiyo na malipo inaweza kusitisha marejesho kwa hadi mwaka mmoja mpango ukiruhusu, lakini ukomo wa miaka 5 hausogei. Ukirudi, rejesho la mwezi litakuwa kubwa zaidi au utalipa kiporo kwa mkupuo.

Neno kuhusu kutozwa kodi mara mbili

Utasikia kwamba unalipa mkopo kwa pesa iliyokwisha katwa kodi, kisha ukistaafu unatozwa tena, kwa hiyo mkopo wote unatozwa kodi mara mbili. Si kweli. Zile 20,000 ulizipokea bila kukatwa kodi, ukazitumia zote. Kuzirudisha kwa pesa iliyokatwa kodi ni kusawazisha tu. Kinachotozwa mara mbili ni riba peke yake, zile 4,332. Akistaafu akiwa kwenye asilimia 12 hiyohiyo, ni kama dola 520 za ziada, miaka mingi ijayo. Ni gharama, ila haipaswi kuamua jambo.

Tano, linganisha na njia uliyokuwa utumie

Mkopo wa 401(k) haulinganishwi na kutokukopa peke yake. Unalinganishwa na kitu ambacho ungekifanya badala yake.

Mwenye deni la kadi la dola 8,000 kwa riba ya asilimia 24, akililipa kwa miaka 5, atatoa 230 kila mwezi na riba yote itafika 5,808, pesa iliyokwenda moja kwa moja. Akikopa hizo 8,000 kwenye 401(k) kwa asilimia 8, rejesho ni 162. Hata soko lingezaa asilimia 12 kwa miaka yote hiyo, pengo kwenye akaunti yake lingekuwa kama 1,290. Hapa sina mashaka: mkopo wa pensheni ni nafuu, na zile dola 68 anazookoa kila mwezi anaweza kuzirudisha kwenye mchango. Sharti ni moja, na ndilo linalowashinda wengi: kadi isijae tena. Kama kadi ilijaa kwa sababu matumizi ya kila mwezi yanazidi mshahara, baada ya mwaka utakuwa na madeni mawili. Anayejijua hivyo aanze na kadi, akaikate, kisha asubiri miezi mitatu kabla ya kukopa.

Vilevile mkopo ni bora kuliko kuitoa pesa kabisa kwa sababu ya shida kubwa, jambo ambalo mipango mingi huliruhusu. Ukitoa hivyo unatozwa kodi, mara nyingi na faini, na huruhusiwi kuirudisha. Aliye karibu kufukuzwa kwenye nyumba na ana kazi ya uhakika afadhali akope.

Kuna hali nyingine ambayo haisemwi sana. Kama sehemu ya akiba yako imekaa kwenye hatifungani au mfuko usioyumba unaozaa asilimia 3 au 4, na mpango wako unakuruhusu kuchagua pesa itoke wapi, kukopa kutoka sehemu hiyo hakukupotezei ukuaji mkubwa. Mipango mingi hukata kila mfuko kwa uwiano, lakini hata hapo unaweza kupanga upya kilichobaki ili hisa zako zisipungue. Jambo hilo lifanye tu kama unaelewa unachobadilisha.

Sasa boma la nyumbani. Nitasema ninavyoamini. Ukikopa 20,000 kuanza msingi, unachukua pesa inayozaa na kuifanya tofali lisilozaa, kwa sababu nyumba isiyo na paa haikaliki, haipangishwi, na mvua inaila. Ukikopa kumalizia, kwa bei uliyoipata kwa fundi na duka la vifaa kwa maandishi, na nyumba itapata mpangaji au itamtoa mama kwenye nyumba ya kupanga, hapo kuna cha kuweka kwenye mizani dhidi ya ile 7,000. Na ukope mara moja tu, kwa hatua moja. Mipango mingi hairuhusu mikopo miwili kwa pamoja. Ukiimaliza 20,000 na paa bado halijatosha, hutaweza kurudi tena kwenye kitufe kile. Kinachofuata ni kadi, nasi tumeshaona kadi inakula kiasi gani.

Nyumbani Kenya, kwa kulinganisha, sheria inakwenda njia nyingine: tangu 2020 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Huo si mkopo. Pesa haidaiwi irudi, kwa hiyo pengo linaendelea kukua hadi siku ya kustaafu. Yule wa Marekani angalau analazimishwa kurudisha.

Sita, kuomba na kusimamia

Ukiamua, ingia kwenye akaunti na utafute `Loans`. Kuna sehemu ya kujaribu kiasi na muda kabla ya kuomba. Itumie na uandike rejesho, riba na ada. Ada ya kufungua mkopo kwa kawaida ni dola 50 hadi 100, na mipango mingine huongeza ada ndogo kila mwaka, kwa hiyo mkopo wa dola 1,000 si wa kuchukuliwa hapa. Baadhi ya mipango hutaka saini ya mume au mke mbele ya shahidi wa kisheria. Hata usipotakiwa, mweleze. Hiyo ni pesa ya uzee wenu wote wawili.

Chagua muda mfupi unaouweza. Dada yetu akichukua miaka 3 badala ya 5, rejesho linapanda hadi takriban 627, lakini pesa inarudi kuzaa mapema na muda wa kuhofia kupoteza kazi unapungua. Kama 627 ni nyingi, achukue 5 na aulize kama mpango unakubali kulipa zaidi kidogo kidogo. Mingine hukubali tu kumaliza deni lote kwa mkupuo, na hapo atafute akaunti ya pembeni ya kukusanyia.

Slipu mbili za kwanza baada ya mkopo zisome kwa makini. Lazima uone mistari miwili tofauti: mmoja wa mchango wako wa 401(k), mwingine wa rejesho la mkopo. Ukiona mmoja tu, ama mchango umesimama ama makato ya mkopo hayajaanza. Yote mawili nimeyaona yakitokea kwa makosa ya ofisi ya mishahara, na mara zote aliyeumia ni mfanyakazi. Hifadhi slipu hizo mpaka upate barua inayosema salio la mkopo ni sifuri. Siku hiyo ingia tena kwenye akaunti uongeze mchango wako kabla ya mshahara unaofuata, kwa sababu kwa miaka yote hiyo umekwisha zoea kuishi bila zile 405.